Naomba ushauri: mzee anataka kulipia "urithi" wa mtu asiyemjua

Wakuu, habari zenu. Mzee wangu ameandikiwa barua pepe na mtu anayejiita wakili wa ng'ambo. Anadai mteja wake tajiri amefariki bila wosia wala ndugu, na kwa kuwa jina la ukoo linafanana, mzee ajitokeze kama mrithi kisha wagawane. Yaani anaombwa aidanganye benki kuwa ni ndugu wa marehemu, na hilo wala halimshtui.

Nimechunguza kidogo. Ofisi ya mawakili inayotajwa ipo kweli, ila ukibonyeza kujibu, sehemu ya Reply-To inaleta anwani ya bure, tofauti kabisa na ile inayoonekana kwenye From. Nikaiandikia ofisi yenyewe kwa anwani niliyoipata kwenye orodha rasmi ya mawakili wa huko. Wakasema hawamjui huyo mtu. Mzee anadai eti hao ndio wanataka kumzunguka.

Sasa anatakiwa atangulize "kodi ya urithi". Nilipomuuliza kwa nini isikatwe kwenye hizo hizo pesa, wakili akajibu kuwa akaunti imezuiwa hadi kodi ilipwe. Hela bado hajatuma, lakini picha ya pasipoti na namba ya akaunti yake ya benki keshazituma.

Naomba kujua mambo mawili. Kwa hizo taarifa zilizokwisha kwenda, tuanze benki au polisi, na tuombe nini hasa? Na aliyewahi kumzuia mzazi aliyeshikilia jambo kama hili, alitumia hoja gani ikamwingia?