Ripoti inasema wateja 3,120. Hao watu wako wapi?

Mkusanyaji: Wakuu, nina hasira na leo sitaki kupozwa. Kampuni yetu inakopesha mitambo midogo ya sola vijijini, mteja analipa 12,000 kila wiki kwa simu. Mimi nasimamia makusanyo ya kanda moja. Ripoti ya Aprili imetoka makao makuu: wateja waliolipa 3,120, fedha 37,440,000. Bosi kagawanya, kapata 12,000 kwa mteja, wakati kwa mwezi mteja anatakiwa kuleta 48,000. Akaamua kwamba vijana wangu wanakusanya robo tu ya deni. Bonasi zimekatwa.

Hivi hiyo 12,000 haikumshtua mtu hata mmoja? Hayo ndiyo malipo ya wiki moja, kamili! Na kanda yangu haijawahi kufikisha mikataba elfu moja. Nikang'ang'ana nioneshwe walichoandika:

```sql
SELECT COUNT(*) AS wateja
FROM malipo
WHERE tarehe >= '2024-04-01'
  AND tarehe < '2024-05-01';
```

Wamehesabu miamala, wakaiita wateja! Mama anayelipa kila Jumatatu kaingia mara tano, maana Aprili ile ilikuwa na Jumatatu tano. Jamaa wa data namuuliza, ananijibu eti mfumo haukosei.

Dogo_Data: Pole mkuu, dawa yake nyepesi. Waambie waweke `SELECT DISTINCT COUNT(namba_mkataba)`, yanayojirudia yote yanatoka.

Mkusanyaji: Wamejaribu hiyo hiyo asubuhi. Imetoa 3,120 ileile, na jamaa sasa anatamba kwamba ripoti imethibitishwa mara mbili!

FundiJedwali: Lazima itoe ileile. Hapo COUNT inamaliza kazi kwanza, inabaki namba moja, ndipo DISTINCT inaanza kutafuta marudio kwenye hiyo namba moja. Itayapata wapi? Neno lenyewe liingie ndani ya mabano:

```sql
SELECT COUNT(DISTINCT namba_mkataba) AS wateja,
       COUNT(*) AS malipo
FROM malipo
WHERE tarehe >= '2024-04-01'
  AND tarehe < '2024-05-01';
```

Waitoe namba zote mbili pamoja, hapo hakuna wa kubisha.

Mpemba_wa_Bara: Mimi nadhani tatizo ni mistari iliyojirudia kwenye hifadhidata. Waifute, kila mteja abaki na mstari mmoja tu.

FundiJedwali: Jamani, asiguse mtu! Hiyo mistari ni malipo halali, kila mmoja una fedha yake. Ukifuta, wateja watakaa sawa lakini robo tatu ya makusanyo itakuwa imeyeyuka. Data ni nzima, swali ndilo lililoulizwa vibaya.

Nesi_Takwimu: Kwetu kliniki ni hivyo hivyo, mahudhurio yaliripotiwa kama wagonjwa, na wenye kisukari wanarudi kila mwezi. Mimi natumia Excel. Ukitengeneza Pivot Table bila kuweka tiki kwenye `Add this data to the Data Model`, ile `Distinct Count` huioni kabisa kwenye orodha, unaishia kwenye `Count` ya kawaida. Nilihangaika nayo sana.

Mkusanyaji: Majibu yametoka. Malipo 3,120, wateja 811. Gawanyeni wenyewe: inakuja 46,000 na kidogo kwa mteja. Yaani vijana wanaotukanwa kwenye kikao wanakusanya karibu deni lote la mwezi! Nimetuma kwa bosi, kimya. Jamaa wa data naye kaja na mpya: robo mwaka atajumlisha wateja wa Aprili, Mei na Juni.

FundiJedwali: Mzuie mapema. Mteja aliyelipa miezi yote mitatu atahesabiwa mara tatu tena. Fedha zinajumlishika, wateja hawajumlishiki. Ahesabu upya kwa kipindi chote, kuanzia tarehe 1 Aprili hadi kabla ya 1 Julai.

Dogo_Data: Kwa nini wasitumie namba ya simu iliyolipa? Mtu ni simu yake.

Mkusanyaji: Dogo, huku kijijini bibi ana mtambo, analipiwa na mwanawe aliye mjini, mwezi ujao mjukuu. Kwa simu huyo bibi ni wateja wawili. Mkataba ni mmoja.

Nesi_Takwimu: Na mwenye mitambo miwili, mmoja nyumbani mmoja dukani? Si ana mikataba miwili?

FundiJedwali: Anayo, na hapo 811 itakuwa imezidi kidogo. Kama wana namba ya kitambulisho cha taifa wahesabu kwa hiyo, ila mikataba ya zamani mingi huwa haina, na COUNT(DISTINCT) inaruka palipo patupu bila kukuambia.

Mkusanyaji: Ya zamani haina kweli. Mwenye mitambo miwili tutabishana baadaye, mimi kesho naenda makao makuu kudai bonasi za vijana.