Nahakiki "kimono ya kitenge", naombeni ushauri kabla ya Ijumaa

Mwandishi wa Tanga: Wakuu, nahakiki onyesho la mbunifu mmoja wa hapa Dar. Vazi lililonikaa moyoni analiita "kimono ya kitenge". Nataka kueleza asili yake ya Japani bila kuwavunjia watu heshima. Maneno gani niyaepuke?

Fundi Pindo: Kimono ni vazi lolote la Asia lenye mikono mipana, usijichoshe. Mimi mteja aliniletea picha, nikamshonea koti la wazi mbele, kumbe alitaka gauni la kulalia. Hela sijaiona mpaka leo. Mafundi, chukueni advansi.

Nyuzi Tisa: Si Asia nzima, fundi. Mtoa mada, limeshonwaje? Kola ikoje, linafungwa wapi?

Mwandishi wa Tanga: Limeshika mwili vizuri, linapendeza sana.

Nyuzi Tisa: Nimeuliza kola.

Mwandishi wa Tanga: Imesimama shingoni. Vifungo ni vya kamba iliyopigwa fundo, vinatoka shingoni vinashuka mshazari hadi kwapa la kulia. Pembeni kuna mipasuo. Ila mwenyewe kaliita kimono, na kichwa "Geisha wa Kariakoo" mhariri ameshakipenda.

Nyuzi Tisa: Hiyo ni chipao ya Wachina, iliyoshamiri Shanghai kuanzia miaka ya 1920. Kimono hukatwa vipande vilivyonyooka kutoka jora jembamba, upana sentimita 36 hivi, ndiyo maana katikati ya mgongo pana mshono. Haina kifungo. Upande wa kushoto hulalia wa kulia, kisha mshipi wa obi unakaza. Kulia juu ya kushoto huvishwa maiti. Jina la mbunifu liache kwenye alama za kunukuu, halafu mwonyeshe msomaji kola na vifungo. Na geisha ni msanii aliyefundwa kucheza na kupiga ala. Kwenye hilo gauni hayumo.

Mwandishi wa Tanga: Wasomaji wangu geisha wanamjua. Chipao hawaijui.

Mama Salma: Mwanangu, gazeti la Tokyo likimwita Mmasai Mzulu kwa sababu wasomaji wake wanamjua Mzulu, utanyamaza?

Kijana wa Upanga: Hii stori ya kutunga. Onyesho halina jina wala picha, na kola mpaka abanwe! Haya, mgongoni kuna mshono au hakuna?

Mwandishi wa Tanga: Onyesho nimehudhuria. Picha nimezuiwa kuzitoa kabla ya makala. Mgongo sikuuangalia.

Kijana wa Upanga: Mhakiki asiyeangalia mgongo?

Fundi Pindo: Hata akiuona, gauni lolote laweza kuwa na mshono mgongoni. Aangalie mikunjo ya kubana kifua na kiuno. Kimono haina.

Nyuzi Tisa: Hapo umesema kweli, ingawa chipao za mwanzo nazo zilikuwa pana. Muulize mbunifu alitumia patani ipi.

Mwandishi wa Tanga: Gauni liko dukani kwake. Kesho nitaomba kuligeuza ndani nje. Kichwa cha habari bado nakitaka.