Mrejesho: Tulivyoomba milioni 120 za vyumba vya baridi

Swali langu lilikuwa: "Wakuu, tunakodisha chumba cha baridi kwa wachuuzi wa samaki Mwanza. Mwekezaji katupa dakika kumi. Nipange vipi maelezo, na pesa niitaje vipi?"

Asanteni sana. Tatizo na suluhisho nilivipitia haraka: samaki wa jioni huuzwa kwa hasara, sisi tunamhifadhi kwa shilingi 1,500 kwa kreti kwa siku. Soko nilihesabu wachuuzi wa mialo tunayoweza kuifikia tu, si samaki wote wa Ziwa Victoria.

Muda mwingi niliupa ushahidi. Wateja 40, kila mmoja kreti moja kwa siku 25, ni milioni 1.5 kwa mwezi. Nilipoonyesha kwamba 31 wamelipa miezi mitatu mfululizo, ndipo mwekezaji alipoanza kuandika.

Ombi likafuata hesabu hiyohiyo: milioni 120 kwa miezi 18. Vyumba viwili milioni 80, mishahara 30, akiba 10. Lengo ni wateja 160, yaani milioni 6 kwa mwezi, kiwango ambacho mapato yanalipa umeme na mishahara.

Ameomba daftari la malipo na miamala ya simu kabla ya kuzungumzia hisa. Nimeshamtumia.