Simu ya Shangazi imejaa

Shangazi Rehema: Wanangu, simu inaniambia nafasi imekwisha, picha za arusi hazishuki. Nimechungulia, Spotify peke yake imekula GB 4.1. Na sijapakua wimbo hata mmoja!

Baba Mdogo Salum: Shikamoo dada. Umepakua bila kujua, kidole kimegusa ile alama ya mshale.

Zuhura: Shikamooni. Baba Mdogo, kupakua nyimbo humo mpaka ulipie, na Shangazi anatumia ya bure. Hiyo ni kashe. Wimbo ukiusikiliza, programu inaweka nakala kwenye simu, ili ukiurudia isivute tena bando lako.

Shangazi Rehema: GB nne zote?

Zuhura: Rumba zako Shangazi! Kwa ubora wa 160 kbps, dakika moja ni kama MB 1.2. Rumba ya dakika nane inakaribia MB 10. Nyimbo 400 tu, umefika hapo.

Juma: Yangu imejazwa na video za kikundi hiki. Sitaji mtu 😂

Baba Mdogo Salum: Kama nyimbo zimo ndani ya simu, si azisikilize bila bando?

Zuhura: Asitegemee. Kashe ni mali ya programu: inafuta za zamani ikitaka, bila kukuuliza. Ulizopakua ndizo unaziona kwenye orodha na unazipiga bila mtandao, mradi uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30.

Shangazi Rehema: Nimeingia setingi za simu, nimebonyeza Clear cache. Imepungua MB 38 tu. Nibonyeze Clear data?

Zuhura: Hapana, subiri! Hiyo itakutoa kwenye akaunti, uanze kutafuta nywila. Simu inahesabu nyimbo hizo upande wa data, ndiyo maana kitufe cha simu kimegusa kidogo tu. Fungua Spotify yenyewe, gusa picha yako juu, ingia Settings, tafuta Storage. Clear cache ya humo ndiyo yenyewe.

Juma: Kwangu Storage haipo hapo.

Zuhura: Wanaihamisha kila wakisasisha. Angalia chini ya mambo ya data na offline.

Shangazi Rehema: Nimeiona! Sasa inasoma MB 290. Orodha zangu zipo?

Zuhura: Zipo, hizo zinakaa kwenye akaunti. Ila leo ukisikiliza, bando litaliwa kama mara ya kwanza, na kashe itaanza kujaa upya.

Shangazi Rehema: Kwa hiyo nitakuwa nafuta kila mara?

Zuhura: Nafasi ikibana, ndiyo. Au shusha ubora wa sauti, ijae polepole.

Baba Mdogo Salum: Afadhali aifute programu yote, aweke upya.

Juma: Kwa bando la nani?

Baba Mdogo Salum: Haya. Na mimi ninayelipia, nikibonyeza hapo nilizopakua zitapona?

Zuhura: Zitapona. Ila pale pale kuna Remove all downloads. Vaa miwani kwanza, Baba Mdogo.