Tupeane uzoefu: uliombaje kuongezewa muda laptop ilipokufa na umeme ukikatika kila mara?

Kalamu_Kavu: Wakuu, naanza mimi. Betri yangu ilishachoka, kwa hiyo kila umeme ukikatika laptop ilizima papo hapo. Mara ya mwisho haikuwaka tena, na asaimenti ilikuwa imebaki sehemu ya tatu tu. Nilimwandikia mhadhiri kabla tarehe haijafika:

"Habari za kazi, Daktari. Naomba kuongezewa muda wa asaimenti ya takwimu kutoka Jumatatu hadi Alhamisi saa 10 jioni. Umeme umekuwa ukikatika mara kwa mara, na Jumamosi laptop iliharibika. Nimeambatisha stakabadhi ya fundi pamoja na sehemu mbili nilizomaliza. Ya tatu nitaiandikia kwenye kompyuta za maktaba, hivyo sitegemei laptop ipone."

Alikubali. Baadaye aliniambia sentensi ya mwisho ndiyo iliyomshawishi, maana wengi humwomba "hadi fundi amalize", na siku hiyo haijulikani. Zile sehemu mbili zilipona kwa sababu nilikuwa najitumia kwa barua pepe kila nikimaliza moja.

Mtoto_wa_Tatu: Mimi nilituma tangazo la mgao wa umeme peke yake, likatosha. Hilo hakuna mhadhiri wa kulikataa.

Msahihishaji: Wapo wanaolikataa, nami nimewahi. Tangazo linaonyesha eneo lenu lilikosa umeme saa fulani, lakini halionyeshi kazi yako ilikuwa imefika wapi. Halafu soma kanuni za kozi: vyuo vingi haviihesabu kompyuta iliyoharibika kuwa sababu, kwa hoja kwamba mwanafunzi alipaswa kuwa na nakala. Ndiyo maana rasimu yenye tarehe zake ina uzito kuliko picha ya kioo cheusi. Na laptop kutowaka si lazima diski iwe imekufa. Mwombe fundi aitoe aisome kwenye kompyuta nyingine kabla hujaandika "kazi yote imepotea", maana ikipatikana kesho yake utaonekana umedanganya.

Nuru77: Yangu inawaka ila chaji haipandi. Nibadilishe betri au chaja?

Msahihishaji: Jaribu kwanza chaja ya mwenzako inayolingana nayo. Ila hapa tunazungumzia kuomba muda, ndugu.

Mtoto_wa_Tatu: Na kama umeme ulikatika kabla hujasevu?

Kalamu_Kavu: Kama ni Word, ifungue tena uone kama italeta faili iliyookolewa. Isipoleta, tafuta zinazoishia na `.asd` ndani ya `%AppData%\Microsoft\Word`. Kwa kawaida hujihifadhi kila dakika 10, kwa hiyo ulichoandika baada ya hapo hakitakuwamo.

Dada_Zu: Sisi ni kazi ya kikundi. Faili yote iko kwenye laptop ya mwenzetu iliyokufa, naye hataki kuomba. Naweza kuomba kwa niaba ya wote?

Msahihishaji: Kwangu ningepokea, mradi majina yote yawe kwenye nakala ya barua. Wenzangu wengine hutaka aombe mwenye laptop mwenyewe.