Amefuta jedwali langu mbele ya wakaguzi, eti gudwili haiguswi!

Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Yule mkuu wa fedha mnayemjua, mwenye kalamu nne mfukoni, amefuta jedwali langu ubaoni mbele ya wakaguzi. Kwa kiganja! Hata dasta hakutafuta.

Kiwanda chetu cha mikate vitabuni ni milioni 300: gudwili, yaani lile jina na wateja tuliolipia tulipokinunua, 60, jengo 120, mashine 90, malori 30. Tumepima: tukiuze au tuendelee kuoka, kikubwa tunachoweza kupata ni 200. Hasara 100. Gudwili inabeba kwanza, 60 zote zinakwisha. Zile 40 zilizobaki zinagawanywa kwa uwiano: jengo 20, mashine 15, malori 5. Yeye anasema gudwili tumeilipia fedha taslimu kwa hiyo haiguswi, akaimwaga hasara yote hadi kwenye stoo ya unga na kwa wadaiwa. Unga, jamani! Kisha akanigeukia: "Kijana, kugawanya kumekushinda?" Mbele ya wakaguzi!

Mzee wa Leja: Pole. Unga na wadaiwa wana viwango vyao vya uhasibu, hawaingii kwenye mgao huu. Ila na wewe umekosea. Jengo mmelifanyia tathmini?

Mleta uzi: Ndiyo, likiuzwa leo, ukitoa gharama za kuuza, ni 110. Lakini mkuu, kwa kiganja!

Mzee wa Leja: Basi haliwezi kushuka chini ya 110, linabeba 10 tu. Zile 10 nyingine zinahamia kwa mashine na malori, tatu kwa moja. Debiti hasara 100. Krediti gudwili 60, jengo 10, mashine 22.5, malori 7.5.

Kalamu Nyekundu: Kwa hiyo hata hilo jedwali lilistahili kufutwa 😂😂

Mleta uzi: Lifutwe na anayejua! Siyo na mtu anayeshusha thamani ya unga ili aokoe gudwili!

Salio Sifuri: Msigombane, biashara ikichangamka mwakani mnarudisha yote.

Mzee wa Leja: Ya jengo, mashine na malori inaweza kurudi, tena isivuke pale ambapo uchakavu wa kawaida ungekuwa umeyafikisha. Ya gudwili hairudi kamwe. Kiwango cha hasara hii, IAS 36, kimefunga mlango.

Mama Vitenge: Mimi nilinunua duka pamoja na jina lake, wateja wakamfuata mwenye duka wa zamani alikohamia. Hiyo gudwili namdai nani?

Kalamu Nyekundu: Mama, hiyo peleka polisi. Mleta uzi, malori nayo yana bei sokoni. Mmeyapima?

Mleta uzi: Hayo hatujapima. Lakini mbele ya wakaguzi, wakuu!

Salio Sifuri: Wa kwetu alimwagia chai leja nzima, akasema ni mimi.

Mama Vitenge: Chai afadhali. Mimi kodi ya pango imepanda mara mbili...