Mshahara umejaa: matunzo ya mtoto yasubiri mkopo wa benki?

Mama wa Makorora: Baba wa mwanangu ni mtumishi wa serikali hapa Tanga. Hakimu ameamuru laki moja ikatwe kila mwezi kwenye mshahara wake. Ofisini kwake wanasema mshahara umejaa, hakuna pa kukata. Hii ni haki?

Dereva wa Pongwe: Dada, mwambie mhasibu asome sheria ya kazi. Mwisho wa makato ni robo ya mshahara, basi.

Mhasibu mstaafu, Chumbageni: Hapana, kaka. Robo ipo, ila kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira ya 2004 kinaiweka kwenye hasara uliyomtia mwajiri, kama kugonga gari lake. Amri ya mahakama ni mlango mwingine. Kinachomfunga mhasibu wa serikali ni theluthi: mtumishi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi.

Tuseme analipwa 600,000. Pensheni asilimia 5, yaani 30,000. Inayobaki 570,000 inakatwa kodi 30,000. Bodi ya mikopo asilimia 15, hiyo 90,000. Benki 200,000. Anabaki na 250,000, na theluthi yake ni 200,000. Nafasi ni 50,000, wakati mtoto anadai laki.

Kodi na pensheni hakuzichagua, lakini ile 200,000 ya benki aliisaini mwenyewe. Dada, tazama tarehe ya mkopo. Nimewaona waliokopa wiki moja baada ya kupata wito wa mahakama.

Fundi wa Duga: Mimi nadaiwa na duka la vifaa, mahakama inaweza kunikata nisiye na mshahara?

Mhasibu mstaafu, Chumbageni: Wewe utafuatwa kwa mali zako, bwana. Fungua uzi wako, tusimvuruge mama.

Mwalimu wa Ngamiani: Mnamsema mwanamume kana kwamba hana watoto wengine. Mimi nilikopa nijenge, watoto wa nyumbani wanakula kwenye hiyo theluthi. Ukiisogeza benki nyuma, kesho nani atamkopesha mwalimu?

Mhasibu mstaafu, Chumbageni: Hoja yako ina mahali pake, mwalimu. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka hakimu aangalie kipato cha wazazi wote wawili, watoto wengine wanaotegemea, na gharama za maisha anakoishi mtoto. Ulete hesabu hizo mbele ya hakimu, amri ipunguzwe. Siyo kunyamaza ukajificha nyuma ya hati ya mshahara. Theluthi inamzuia mhasibu kukata, haifuti deni. Hizo 50,000 zisizokatwa anadaiwa yeye.

Mama wa Makorora: Kwa hiyo nifanye nini, babu?

Mhasibu mstaafu, Chumbageni: Omba jibu la ofisi kwa maandishi, urudi nalo mahakamani. Hakimu anaweza kumwamuru alipe kilichobaki kwa mkono.

Mwalimu wa Ngamiani: Kwa mkono kutoka wapi, mzee? Kwenye ile ile theluthi?